Intavyu ya hoteli: mgeni anayelalamika na zamu iliyofurika, hatua kwa hatua

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa upande wa wanaouliza maswali katika intavyu za wahudumu wa mgahawa hapa Kampala. Nimeona waombaji wazuri wakianguka mahali palepale. Mtu anaeleza vizuri jinsi ya kupanga meza na kubeba sahani tatu. Kisha msaili anabadilika ghafla, anakuwa mgeni mwenye hasira: "Nimengoja samaki dakika 40! Hii ni hoteli gani?"

Mwombaji anajibu: "Samahani ssebo, jikoni wamechelewa."

Sentensi hiyo moja inamwangusha mara mbili. Mgeni hajapata samaki, wala hajaambiwa atamsubiri kwa muda gani. Na swali linalofuata, lile la kufanya kazi na wenzake zamu ikifurika, ameshalijibu bila kujua: akibanwa, huwatupia lawama wapishi. Maswali haya mawili ni swali moja, na mwongozo huu unakufundisha kuyajibu hivyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi na kalamu.
- Simu ya kurekodi sauti, yenye saa inayohesabu sekunde.
- Mtu wa kuigiza mgeni. Chagua anayeweza kukufokea kweli. Rafiki mpole hatakusaidia.
- Trei na glasi sita zenye maji.
- Menyu ya hoteli unayoiendea. Nyingi huwekwa mtandaoni, au nenda mapokezi uombe kuiona.
- Shati jeupe lililopigwa pasi, suruali au sketi nyeusi, viatu vyeusi vilivyofunika vidole na visivyoteleza. Kucha fupi, bila rangi.
- Kitambulisho cha taifa, barua ya LC 1, vyeti ulivyo navyo, na majina ya watu wawili watakaokuzungumzia. Hoteli nyingi huuliza pia cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula.

## Hatua ya 1: Andika visa viwili vya kweli

Kisa cha kwanza kiwe cha mtu aliyekulalamikia. Cha pili kiwe cha siku ambayo kazi iliwazidi. Kila kimoja kijibu haya: ilikuwa wapi, watu au meza ngapi, nini kiliharibika, wewe ulifanya nini na ulisema maneno gani, na mwisho wake ukawaje.

Sababu ni kwamba msaili hawezi kupima maneno kama "mimi ni mvumilivu" au "ninapenda kufanya kazi na watu". Kila mwombaji huyasema. Lakini ukisema "meza nne, watu 17, na mashine ya juisi ikazimika", anakuona ukiwa kazini.

Hujawahi kufanya kazi hotelini? Usitunge. Fikiria ni wapi uliwahi kulisha watu wengi: kwanjula ya dada yako, karamu ya kanisani au msikitini, kibanda cha rolex pale njia panda. Mtu aliyekaanga chapati na mayai huku watu tisa wamejipanga, akakumbuka nani alikataa vitunguu na nani alilipa kwa noti kubwa akisubiri chenji, ana kisa kizuri kuliko mwenye cheti aliyekariri majibu.

Onyo: kisa cha uongo hufichuka kwa swali la pili. Nitakuuliza, "Yule mwenzako alikuwa anafanya nini wakati huo?" Aliyekuwepo hujibu mara moja. Aliyetunga hutazama dari.

Umefanikiwa ukiona kwamba mtu akisoma karatasi yako anaweza kuchora chumba na kuonyesha ulikuwa umesimama wapi.

## Hatua ya 2: Jizoeze na mgeni anayelalamika

Hapa ndipo intavyu nyingi huamuliwa, kwa hiyo twende polepole. Tutumie kisa cha yule samaki. Ni Jumapili, saa nane kasoro dakika 10 mchana. Mgeni wa meza ya 7, mzee mmoja na familia yake, aliagiza ngege mzima wa kukaanga saa saba na dakika 10. Wenzake wameshaletewa chakula. Yeye hana kitu mbele yake.

Simama na usikilize hadi mwisho. Kaa umbali wa kama hatua moja kutoka mezani, upande ambao anakuona bila kugeuza shingo. Mikono iwe mbele au kando. Usiikunje kifuani wala kuificha mgongoni, na kalamu usiichezeshe. Usimkatize hata kama unajua jibu. Mtu aliyekatizwa huanza upya, tena kwa sauti ya juu zaidi, na meza za jirani zinageuka.

Rudia lalamiko lake kwa maneno mahususi. "Mzee, uliagiza samaki saa saba na dakika 10, sasa zimepita dakika 40, na familia inakula bila wewe." Waombaji wengi huruka kipengele hiki, nami nakipa alama nyingi. Mgeni akisikia lalamiko lake limerudiwa sawasawa, hana sababu ya kulisema tena. Na jambo lile la familia kula bila yeye ndilo linalomuuma hasa, kuliko njaa.

Omba radhi mara moja tu, kwa niaba ya hoteli. "Tumekukosea, mzee. Samahani." Sema "tume-", usiseme "wame-". Mgeni hana mkataba na mpishi. Ana mkataba na hoteli, na kwa dakika hiyo hoteli ni wewe. Radhi ikirudiwa mara tano inageuka kelele, na mgeni anaanza kushuku kwamba huna kingine cha kumpa.

Mpe la kuchagua, ambalo umehakikisha lipo. Hapa ujuzi wa menyu unaonekana. Ngege mkubwa wa kukaangwa mzima anahitaji kama dakika 10 hadi 15 kwenye mafuta, na moto ukiongezwa ili kuharakisha, ngozi huungua na nyama ya mfupani hubaki mbichi. Kwa hiyo ahadi ya "dakika tano" ni uongo kama samaki hajaingia kwenye mafuta. Luwombo ni tofauti: hufungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke tangu asubuhi, hivyo saa ya chakula huwa tayari. Unaweza kusema: "Naenda jikoni sasa hivi kuuliza samaki wako amefika wapi. Kama bado ana muda mrefu, luwombo ya kuku ipo tayari na naweza kukuletea mara moja. Nitarudi ndani ya dakika mbili nikuambie, kisha wewe uamue."

Ahadi aliyopewa ni ya kurudi kwako. Kurudi kuko mikononi mwako, samaki hayuko.

Nenda, na urudi kabla ya muda. Katika maigizo, tembea kweli hadi mlangoni urudi. Waombaji wengi hubaki wamesimama wakisema "basi ningeenda jikoni". Unaporudi, leta neno la uhakika: "Mzee, samaki yuko kwenye mafuta, anatoka baada ya dakika nane. Unamsubiri, au nikuletee luwombo?"

Mwarifu supavaiza bila kungoja kuulizwa. Sentensi mbili zinatosha: "Meza ya 7 amengoja samaki dakika 40, nimeomba radhi, anatoka baada ya dakika nane. Naomba upite umsalimie." Sababu ni kwamba mgeni aliyelalamika huweza kulalamika tena wakati wa bili, na supavaiza akishtukizwa pale atakosa la kusema. Mwisho wa zamu, kisa hicho kiandikwe kwenye kitabu cha zamu.

Hivi ndivyo maigizo yote yanavyosikika yakiwa mazuri:

— Nimengoja dakika 40! Watoto wamemaliza kula!

— Ni kweli mzee, uliagiza saa saba na dakika 10, na familia imekula bila wewe. Tumekukosea, samahani. Naomba dakika mbili niulize jikoni, kisha nikuletee jibu kamili.

— Mnasema hivyo kila mara.

— Nakuelewa. Ni dakika mbili kwa saa yako.

(Anaenda, anarudi.)

— Asante kwa kunisubiri. Anatoka baada ya dakika nane. Luwombo ya kuku ipo tayari sasa hivi ukipenda. Nikuletee ipi?

— Leta samaki. Ila sitaki kungoja tena.

— Sawa mzee. Nitamleta mwenyewe.

Hakuna neno kuhusu jikoni kuchelewa, wala mhudumu aliyesahau kupeleka oda, wala umeme uliokatika. Hata kama yote hayo ni kweli.

Umefanikiwa ukiona rekodi yako haina "wao", haina "lakini", na sauti yako mwishoni iko palepale ilipoanzia au chini kidogo. Sauti inayopanda pamoja na ya mgeni ndiyo dalili ya kwanza kwamba umeshikwa na hasira yake.

## Hatua ya 3: Jiandae kusukumwa zaidi

Msaili hatakuacha hapo. Husukuma kwa njia tatu.

*"Nataka nile bure."* Usikubali na usikatae. Kufuta au kupunguza bili si mamlaka ya mhudumu, na anayeahidi hovyo kwenye intavyu anaonyesha atakavyoipotezea hoteli fedha. Sema: "Hilo nalifikisha kwa supavaiza sasa hivi, mzee, yeye ndiye anayeweza kuamua." Kisha mweleze supavaiza kisa chote mbele ya mgeni, kwa ufupi, ili mgeni asianze upya.

*"Wewe ni mjinga."* Tusi lipite. Jibu lalamiko lililo nyuma ya tusi. Ila kuna mpaka: mgeni akikushika, akikutisha au akirusha kitu, rudi nyuma na umwite supavaiza au mlinzi. Kuna waombaji wanaodhani jibu sahihi ni kuvumilia hata kupigwa. Si sahihi, na hoteli nzuri haitaki hivyo.

*"Koo linaniwasha, kuna karanga humu?"* Huu ni mtego, na wengi hunasa kwa sababu wanaendelea na radhi na luwombo. Kwetu mchuzi wa karanga huingia kwenye vyakula vingi, na mtu mwenye mzio anaweza kuzimia ndani ya muda mfupi. Hapa acha adabu ndefu. Mwambie asiendelee kula, mwite supavaiza papo hapo, muulize kama ana dawa yake, na msaada wa matibabu uitwe. Usimwache peke yake. Sahani ibaki, isioshwe. Kamwe usimhakikishie kwamba hakuna karanga kama hujamuuliza mpishi.

## Hatua ya 4: Eleza zamu iliyofurika

Swali huja hivi: "Tuambie siku ambayo kazi ilikuwa nyingi na mlivyoshirikiana." Majibu mawili humwangusha mtu. La kwanza ni la shujaa: "Wenzangu walishindwa, nikahudumia meza zote peke yangu." Msaili anasikia mtu asiyeomba msaada hadi mambo yaharibike. La pili ni la kwaya: "Tulishirikiana vizuri, tukasaidiana, tukamaliza." Humo sijakuona wewe.

Sikiliza jibu alilotoa msichana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya Jumapili kwenye mgahawa wa bafe. Nimebadilisha mambo machache.

"Tulikuwa wahudumu watatu kwa meza 18, kwa sababu wa nne aliugua. Saa saba watu walitoka kanisani wakaingia pamoja. Meza zangu sita zilijaa kwa dakika 10. Nikaona vinywaji ndivyo vitakavyotuangusha, maana chakula watu wanajipakulia wenyewe. Nikamwambia mwenzangu: 'Mimi nachukua vinywaji vya meza zako na zangu, wewe toa sahani chafu kwangu na kwako.' Akakubali. Wa tatu akabaki na bili na mlango. Baada ya nusu saa sahani safi zikaanza kupungua kwenye bafe. Nikamwambia mwoshaji vyombo aache glasi kwanza, aoshe sahani kubwa. Meza moja ya mwenzangu ilingoja soda sana, nikaomba radhi. Kwa zamu iliyofuata tulimwomba supavaiza aweke ndoo ya pili ya barafu karibu na ukumbi."

Alipata kazi. Angalia alichofanya. Aliona tatizo lilipo kabla halijalipuka. Aliomba na kutoa kwa pamoja: mimi nachukua hiki, wewe chukua kile. Alimkumbuka mwoshaji vyombo, mtu ambaye waombaji karibu wote humsahau, ingawa sahani zikiisha mgahawa mzima unasimama. Na alikiri meza moja iliyoharibika bila kumtupia mtu lawama.

Kisa chako kionyeshe mazoea haya mawili ya ukumbini, kama uliyafanya kweli.

La kwanza ni kutotembea mikono mitupu. Ukienda jikoni kuchukua chakula, beba vyombo vichafu hata kama ni vya meza ya mwenzako. Ukitoka, beba kilicho tayari kwenye kaunta, hata kama si oda yako, ila soma kwanza namba ya meza.

La pili ni kuomba kwa namna inayoeleweka: jina la mtu, namba ya meza, kitu gani. "Nisaidie huko" haimsaidii mtu yeyote. Anayeombwa arudie alichosikia: "Meza ya 12, bili." Kelele ya Jumapili hula maneno, na oda nyingi hupotea kati ya "sawa" na "sawa".

Kwa mpishi ni vivyo hivyo. Ngoja ainue macho, taja meza na chakula, uliza muda, ondoka. Anayesimama kaunta akilalamika huchelewesha oda za wote.

Mtego: "Na mwenzako akiwa mvivu?" Usimtaje mtu, usisengenye mahali ulipotoka. Sema utakachofanya: zamu ikiendelea, utamwomba kazi moja mahususi, zamu ikiisha, utazungumza naye faraghani, ikijirudia, utamfikishia supavaiza. Mpangilio huo ndio jibu.

Umefanikiwa ukiona mtu aliyekusikiliza anaweza kukuambia wewe ulifanya nini, na mwenzako naye alifanya nini.

## Hatua ya 5: Pima kwa saa, kisha kwa lugha

Kila kisa kichukue dakika moja na nusu. Kikizidi dakika mbili, kata mwanzo, maana huko ndiko watu hujaza maelezo ya hoteli na mtaa. Rekodi mara tatu, siku tofauti.

Intavyu nyingi Uganda hufanyika kwa Kiingereza. Pangilia kisa kwa lugha unayofikiria nayo, iwe Kiswahili au Kiganda, kisha kiseme kwa Kiingereza bila kusoma karatasi. Ukikariri Kiingereza neno kwa neno, swali la katikati litakupoteza. Kiswahili chako kitaje pia: hoteli za Kampala, Entebbe, Jinja na Kasese hupokea wageni kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, na nimeshaona msaili akigeuza maigizo kuwa Kiswahili ili kumjaribu aliyedai anakijua.

Mwisho, fanya maigizo ya mgeni ukiwa umebeba trei yenye glasi sita. Mgeni akianza kufoka, weka trei mahali salama kwanza, ndipo umsikilize. Trei inayotetemeka husema usichotaka kusema.

## Hatua ya 6: Zamu ya majaribio

Ukiitwa kufanya zamu ya majaribio, uliza mapema muda wake na kama inalipwa. Anayekuomba fedha ili upewe kazi, mwache.

Fika dakika 20 kabla. Jifunze namba za meza, mahali pa vyombo vichafu, na jina la mpishi na la mwoshaji vyombo. Uliza swali hili kabla ukumbi haujajaa: "Mgeni akilalamika na supavaiza hayupo karibu, nimwite nani?" Swali hilo linamwambia supavaiza kwamba unajua mamlaka yako yanaishia wapi.

Usijaribu kuhudumia meza nyingi. Chukua mbili ulizopewa na uzimalize vizuri, na katikati yake ondoa vyombo, jaza maji, futa meza iliyoachwa. Ukimwaga kitu, sema mara moja, simama hapo mtu asiteleze, omba kitambaa.

Mgeni akikulalamikia kweli siku hiyo, usiogope kwamba umeharibu. Supavaiza atakuwa anakutazama kutoka kaunta, na atakachosubiri kusikia ni kama utasema "tumekukosea" au "wamechelewa".